Shajara ya mradi: shabu, tanini na chuma kwenye pamba, na rangi iliyobaki baada ya kufuliwa

Jumatatu, wiki ya kwanza. Swali na kitambaa

Karakana yetu imekuwa ikitoa vitambaa vya pamba vya rangi ya dhahabu, vilivyotiwa rangi kwa maganda makavu ya vitunguu maji, na dawa ya kushikia rangi (modanti) imekuwa shabu peke yake. Vikitoka sufuriani vinapendeza. Baada ya kufuliwa mara chache vinapauka, na vingine vinachuja hadi kuharibu nguo nyeupe zilizo karibu. Mradi huu unatafuta kama tatizo liko kwenye rangi yenyewe au kwenye namna tunavyoiandaa pamba kabla ya kuitia rangi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na dawa zake ni tofauti.

Nimekata vipande vya gramu 50 kutoka jora moja la pamba tupu isiyotiwa rangi. Vyote lazima vitoke jora moja, kwa sababu pamba iliyopaushwa kiwandani na ile ghafi hazinywi rangi sawasawa.

Leo kazi ni kusafisha tu. Pamba ghafi ina nta na utomvu wa asili unaozuia maji kuingia kwenye nyuzi, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya madoa na mabaka. Nimechemsha vipande vyote pamoja kwenye sufuria ya chuma cha pua, gramu 1 ya soda ya kufulia kwa kila gramu 50 za kitambaa, na sabuni kidogo isiyo na manukato, kwa saa moja na nusu. Maji yalitoka ya manjano mazito kama chai ya rangi. Nimesuuza mpaka yakawa meupe.

Kujua kama kitambaa kimesafika hakuhitaji mashine. Dondosha tone moja la maji kwenye kipande kikavu. Likisimama kama shanga, nta bado ipo. Likinyweka papo hapo, kazi imekwisha. Pembe mbili zilikuwa bado zinashikilia tone kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo vipande vyote vimerudi sufuriani kwa nusu saa nyingine.

Jumanne. Modanti

Uzi wa pamba ni selulosi, nayo haina mvuto mkubwa kwa metali. Sufu na hariri ni protini, na zina sehemu nyingi ambapo alumini ya shabu inajikamata bila shida. Ndiyo maana mapishi mengi ya shabu peke yake yaliandikwa kwa ajili ya sufu, na watu wakayahamishia kwenye pamba bila kubadilisha kitu. Kwenye pamba, shabu nyingi hubaki ikielea ndani ya kitambaa kama chumvi, haijafungamana na chochote.

Kuna njia mbili za kuizunguka shida hiyo. Ya kwanza ni kutanguliza tanini, ile dawa kali ya mimea inayopatikana kwenye magome na majani ya chai. Tanini inashika selulosi vizuri kiasi, kisha alumini au chuma kinaishika tanini. Ya pili ni kutumia alumini iliyo katika umbo la asetati, ambayo inapokauka kwenye kitambaa inaachia asidi ya siki hewani na kuiacha alumini ndani ya uzi katika hali isiyoyeyuka kwa urahisi.

Vipande nimeviita A hadi E. Alama ni mafundo ya uzi mweupe kwenye pembe, fundo moja kwa A, mawili kwa B na kuendelea, maana wino wa kalamu ungetoka kwenye maji ya moto. Asilimia zote ni za uzito wa kitambaa kikavu.

A hakipati modanti yoyote. B kinapata shabu asilimia 15, yaani gramu 7.5, katika lita moja ya maji ya nyuzijoto 60 kwa saa moja, kisha kimelala humo usiku kucha. Hii ndiyo njia yetu ya siku zote.

C kimelowekwa kwanza kwenye tanini nyeupe, asilimia 8 (gramu 4), nyuzijoto 50 kwa saa moja na nusu. Nimekikamua bila kukisuuza, kisha nimekitia kwenye shabu ile ile ya asilimia 15. E kimepita kwenye tanini kama C, lakini badala ya shabu kimepata salfeti ya chuma asilimia 2, gramu 1 tu, katika maji ya vuguvugu kwa dakika ishirini. Kilianza kugeuka kijivu chenye kuelekea bluu ndani ya dakika chache. Ukiona hivyo ujue tanini iliingia. Kitambaa kisicho na tanini kingebaki karibu na rangi ya kutu hafifu.

D ndicho chenye kazi zaidi. Nimeyeyusha gramu 7.5 za shabu na gramu 7.5 za fuwele za asetati ya sodiamu katika lita moja ya maji ya moto. Hizi mbili zinabadilishana na kutoa asetati ya alumini. Mchanganyiko ulipofika vuguvugu nikaloweka kitambaa usiku kucha.

Vyombo vilivyotumika kwa salfeti ya chuma vimetengwa kabisa, pamoja na kijiko, glavu na ndoo ya kusuuzia. Chembe kidogo ya chuma ikiingia kwenye chombo cha D itaifanya dhahabu iwe kahawia chafu, na matokeo yote yatakuwa ya uongo. Sufuria hizi hazirudi jikoni.

Jumatano. Kukausha D

D kimeanikwa kivulini mahali penye upepo, kimenyooshwa bila mikunjo. Harufu ya siki ilijaa chumbani hadi mchana, kwa hiyo madirisha yamefunguliwa yote. Harufu hiyo ndiyo asidi inayoondoka, na ikiisha alumini imebaki. Mkunjo unaokauka taratibu hubeba modanti nyingi pembezoni mwake, na baadaye huonekana kama mstari mweusi kwenye rangi.

Jioni nimekipitisha D kwenye maji ya vuguvugu yenye unga wa chaki, gramu 10 kwa lita, kwa dakika kumi. Chaki inafanya kazi mbili. Inaizima asidi iliyobaki na hivyo kuikaza alumini, na pia inaondoa ile isiyoshikamana. Watu huiruka hatua hii kwa kuona ni kuchafua kitambaa kilichokwisha kusafishwa. Mimi naona ndiyo inayoitenganisha kazi ya D na ya B kuliko hata asetati yenyewe, ingawa jaribio hili halizitenganishi hizo mbili.

Alhamisi. Kutia rangi

Gramu 125 za maganda ya nje ya vitunguu zimechemshwa kwa saa moja katika maji ya kutosha, zikachujwa, na maji yakaongezwa mpaka yakafika lita 5. Nimeyagawa katika mitungi mitano ya kioo, lita moja kila mmoja, na mitungi yote imesimama ndani ya sufuria moja kubwa ya maji ya moto.

Kila kipande kina mtungi wake kwa sababu metali hutembea. Ukiviweka vyote kwenye sufuria moja, chuma cha E na shabu iliyolegea ya B vitaingia kwa jirani zao, na mwisho utakuwa unapima mchanganyiko wao. Maji ya rangi kutoka chungu kimoja, joto moja, muda mmoja. Kinachobaki kuwa tofauti ni modanti tu.

Nyuzijoto 80 kwa saa moja, kugeuza kila baada ya dakika tano, kisha kupoa humo humo.

Nimeandaa pia kipande cha sita kwa bizari ya manjano, na chenyewe kina shabu. Rangi ya bizari hiyo inajulikana kwa kutovumilia jua. Kazi yake hapa ni ya shahidi: kama kipimo changu cha mwanga hakitaonyesha manjano yakipauka haraka, basi kipimo ndicho kibovu, na sitakiamini kinaposema mengine ni imara.

Vikiwa bado vibichi, B ndicho kizuri kuliko vyote. Dhahabu iliyokolea, inang'aa. D ni dhahabu tulivu zaidi, C ina ukahawia, E ni kijani cha zeituni kilichoiva, A ni rangi ya ngozi iliyofifia. Fundi mwenzangu alikichagua B bila kusita, na kwa haki, kwa macho tu kinashinda.

Ijumaa. Kusugua

Kipimo cha kwanza ni msuguano, kwa sababu ni cha haraka na kinasema mengi. Kanuni ya kimataifa ya kazi hii ni ISO 105-X12. Kidole cha mashine chenye kipenyo cha milimita 16 kinavikwa kitambaa cheupe cha pamba, kinakandamiza kwa nguvu ya nyutoni 9, na kinakwenda na kurudi mara kumi juu ya kitambaa cha rangi. Mashine hatuna. Tumetengeneza kigingi cha mbao cha kipenyo hicho hicho na kukifunga uzito, jumla yake gramu 900 hivi, ambayo inakaribia nyutoni 9. Kinasukumwa kwa mkono kati ya vizuizi viwili vilivyoachana sentimita kumi. Namba zetu si za maabara. Kwa kulinganisha kipande na kipande zinatosha.

Kila kipande kinasuguliwa mara mbili, kwanza kwa kitambaa cheupe kikavu, kisha kwa kingine kilicholoweshwa maji yanayokaribia uzito wake chenyewe. Baadaye ule weupe uliochafuka unalinganishwa na kadi ya kijivu: 5 maana yake hakuna kilichohamia, 1 maana yake kimehamia kingi.

B kikavu kilipata 3. Kibichi kilipata 2, na kitambaa cheupe kilitoka na duara la manjano lenye chembechembe zinazoonekana kwa lenzi. Chembe hizo ndizo maelezo. Shabu iliyoelea ndani ya B iliyeyuka kwenye maji ya rangi, ikaungana na rangi hukohuko nje ya uzi, ikawa vumbi la rangi lisiloyeyuka, nalo likatua juu ya kitambaa. Ule mng'ao wa jana kwa sehemu kubwa ulikuwa vumbi hilo.

Jumatatu, wiki ya pili. Kufua

Hapa nimefuata mwendo wa ISO 105-C06 katika kiwango chake cha chini: nyuzijoto 40, dakika 30, mililita 150 za maji yenye gramu 4 za sabuni kwa lita, na gololi kumi za chuma cha pua ndani ya mtungi ili kuleta msukosuko. Kila sampuli ni ya sentimita 10 kwa 4, imeshonwa upande mmoja pamoja na pamba nyeupe na sufu nyeupe za ukubwa huo. Nyeupe hizi mbili zinaonyesha rangi iliyotoka ilikimbilia wapi.

Sabuni lazima isiwe na dawa ya kung'arisha weupe. Dawa hiyo inawaka bluu kwenye mwanga wa mchana, hivyo kitambaa cheupe kilichochafuka kinaonekana kisafi kuliko kilivyo, na alama zinapanda bila sababu. Mtungi mmoja nimeuendesha na nyeupe peke yake. Nyeupe za sampuli zinalinganishwa na hizo zilizofuliwa bila rangi, si na kitambaa kipya kilichotoka dukani, kwa kuwa kufua kwenyewe kunabadilisha weupe kidogo.

Alama tumetoa watu wawili, kila mmoja peke yake, karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, mafundo ya pembe yakiwa yamefunikwa. Tulipotofautiana tuliandika alama ya katikati. Kwenye kubadilika pia, 5 maana yake hakuna kilichobadilika.

| Kipande | Kubadilika baada ya kufua | Kuchafua pamba | Msuguano mkavu | Msuguano mbichi |
|---|---|---|---|---|
| A, bila modanti | 2–3 | 4 | 4–5 | 4 |
| B, shabu | 2 | 3 | 3 | 2 |
| C, tanini na shabu | 4 | 4–5 | 4–5 | 3–4 |
| D, asetati na chaki | 4 | 4–5 | 4–5 | 4 |
| E, tanini na chuma | 4 | 4 | 4 | 3 |

Safu ya B inashangaza kwa sababu iko chini hata ya A ambacho hakina dawa yoyote. Lakini alama ya kubadilika inapima umbali kati ya kabla na baada. A kilianza hafifu, hakikuwa na mengi ya kupoteza. B kilianza juu sana.

Kipande cha bizari ya manjano kilifanya kituko kinachostahili kuandikwa. Kilitoka kwenye sabuni kikiwa chekundu cha matofali. Ukiangalia kwa haraka ungesema kimeharibika kabisa. Kilipochovywa kwenye maji yenye siki kidogo kilirudi kuwa cha manjano, hafifu kuliko mwanzo. Bizari inageuka rangi panapokuwa na alikali, na sabuni nyingi zina alikali. Kwa hiyo kila sampuli iliyobadilika sura sasa tunaichovya kipande kidogo kwenye siki kabla ya kuipa alama. Ikirudi, ilikuwa imegeuka. Isiporudi, imepotea.

Jumatano. Kuhakikisha habari ya B

Maelezo yangu kuhusu vumbi yalikuwa bado dhana. Njia ya kuijaribu: kama rangi ya B iko juu ya uzi, basi nikiisafisha kwa nguvu, msuguano utapanda na wakati huo huo rangi itashuka. Kama iko ndani lakini imeshikwa kwa ulegevu, itaendelea kuhamia kwenye kitambaa cheupe hata baada ya kusafishwa.

Nimechukua nusu ya B na nusu ya D, nikazichemsha kwa sabuni laini nyuzijoto 70 kwa dakika kumi na tano, nikasuuza mpaka maji yakatoka meupe, nikakausha na kusugua upya. B sasa ni 4 kavu na 3–4 mbichi. Rangi yake imeshuka hadi inakaribiana na A, ukiviweka kando kwa kando ni vigumu kutaja kipi ni kipi. D hakikubadilika kwa namna ambayo jicho linaweza kuiona.

Basi shabu peke yake, kwenye pamba hii, ilishika kiasi kidogo sana cha rangi. Kingine chote kilikuwa pambo la juu. Pia hapa kuna jibu la wale wanaosema tatizo ni kutosuuza vya kutosha. Kusuuza kunaondoa kuchuja, ni kweli, lakini hakuongezi rangi iliyoshikwa.

Wiki za mwanga

Sampuli zilizobaki, pamoja na manjano, ziko nyuma ya kioo cha dirisha linalopata jua, kila moja ikiwa imefunikwa nusu kwa kadibodi nene isiyopitisha mwanga. Pembeni yake kuna vipande vya sufu ya bluu ya kipimo, namba 1 hadi 8. Namba 1 hupauka upesi kuliko zote, na kila namba inayofuata huhitaji takriban mwanga mara mbili ya iliyotangulia ili ipauke kwa kiasi kile kile. Kwa sababu ya vipande hivyo sihitaji kuhesabu siku za jua na za mawingu. Sampuli na sufu zimepigwa na mwanga ule ule, nami naangalia sampuli imepauka sawa na namba ipi.

Nimeongeza kipande chenye tanini tupu bila rangi. Tanini nayo inaweza kuwa kahawia juani, na nisingependa kuyalaumu maganda ya vitunguu kwa ukahawia wa C kumbe ni tanini.

Manjano yalipauka pamoja na sufu namba 1. Shahidi amesema kweli, kipimo kinafanya kazi. A na B vimeishia namba 2. C na D ni 3, na C kimegeuka kahawia zaidi ya D. Kipande cha tanini tupu kinaonyesha ukahawia kidogo wa aina hiyo hiyo. E ni 4.

Kufua na jua ni mitihani miwili isiyofahamiana. D kilichofaulu vizuri kwenye sabuni kimepanda namba moja tu juani, kwa sababu mwanga unaivunja molekuli ya rangi yenyewe, na alumini inayoishikilia kwenye uzi haiwezi kuikinga na hilo. Chuma kimesaidia zaidi, lakini kimebadilisha dhahabu kuwa zeituni. Anayetaka dhahabu ya pazia itakayokaa dirishani asitafute modanti nyingine kwa maganda haya, atafute rangi nyingine.

Baada ya kutoa sampuli dirishani. Uamuzi na hatua inayofuata

Shabu peke yake imefutwa kwenye daftari la mapishi ya pamba. D ndiyo njia ya vitambaa vya kuvaliwa ndani na kufuliwa mara kwa mara, na kila kitambaa kitaoshwa kwa sabuni ya moto na kusuguliwa kibichi kabla hakijatoka. Kisipofika 3–4 kinarudi kuoshwa. Kwa vitambaa vya kutandikwa mahali penye mwanga tutatoa zeituni ya E tu, na mnunuzi ataambiwa kwamba nayo itapauka, ila taratibu.

E ina deni moja ambalo vipimo hivi havikuligusa. Chuma kikizidi huidhoofisha selulosi kadiri miaka inavyokwenda, na kitambaa kipya hakionyeshi chochote ukikivuta leo. Kwa hiyo lengo ni kutumia chuma kidogo kabisa kinachotosha. Mitungi minne imeshaandaliwa, tanini asilimia 8 kwa yote, na salfeti ya chuma asilimia 0.5, 1, 2 na 4. Natafuta kiwango ambacho juu yake namba ya mwanga haipandi tena. Nusu ya kila kipande itahifadhiwa kabatini bila kuguswa, na nyuzi zake zitakuwa zikining'inizwa uzito mpaka zikatike, kila baada ya miezi sita, kulinganisha na nyuzi za A.